Siku Mama Mkubwa Alipoomba Sanamaki

Likizo kwetu ilianza na sanamaki. Shule inafungwa Ijumaa, Jumamosi asubuhi mama mkubwa ameshabandika sufuria, yale majani makavu yanachemka na tangawizi na sukari guru, na harufu yake inapita uani, inaingia vyumbani, inatukuta kitandani tunajitia kulala. Tulikuwa watoto watano wa matumbo tofauti, kila mmoja kaletwa kwake kwa sababu yake. Alitupanga uani kwa ukubwa, kikombe cha bati kikapita kinywa hadi kinywa, naye kasimama na ufagio wa chelewa, na hakuushika kwa ajili ya kufagia. Ukitema, unaanza upya. Ikifika saa nne choo kina foleni, na yeye kakaa kwenye kigoda mlangoni, kila anayetoka anahojiwa. Kigumu au laini? Kingi au kidogo? Rangi gani? Maswali hayo siku hizi naona daktari anayauliza kwa sauti ya chini. Mama mkubwa aliyauliza kwa sauti ya kumfikia jirani wa nyumba ya tatu.

Alikuwa dada wa mama yangu, na mama yangu alifariki hata meno ya utotoni hayajanitoka. Kwa hiyo huyu ndiye mama niliyemjua. Alioka mikate ya ufuta hapa Bagamoyo tangu sijazaliwa, akaiuza mwenyewe, na watu walijipanga mlangoni kwa sababu ya mikate na kwa sababu ya usafi wake. Kucha zake zilikuwa fupi kama za mtoto mchanga. Mtungi wa maji ya kunywa ulikuwa na kata yake, na ole wako uitie mdomoni. Aliamini kwamba maradhi yote yanaanzia tumboni, hata mafua, hata hasira. Mimi nilipokuwa na hasira, na nilikuwa nazo tangu hapo, hakunifokea. Aliniuliza kama nimepata choo.

Alikuwa na neno lake moja ambalo nililisikia mpaka nikaacha kulisikia. Alisema yeye haombi kwa Mungu umri mrefu, anaomba siku yake ikifika aondoke msafi. Alimaanisha moyo, na alimaanisha mwili pia. Kwake hivyo viwili havikuwa mbali.

Miaka ikaenda. Wale wanne wengine wakatawanyika, kaka yangu mmoja akaweka duka lake Msata, nami nikaolewa, nikaachika, nikarudi nyumbani na cherehani yangu. Nikashona sare za shule barazani, yeye akioka ndani, na kwa miaka mingi hatukuwa na shida yoyote ila kugombana. Tuligombana kuhusu chumvi. Tuligombana kuhusu nani kaacha mlango wa uani wazi. Wallahi, nayakumbuka magomvi yale na kutamani nipate moja tu leo, dogo, hata la chumvi.

Basi mwaka juzi, siku chache baada ya Idi, akateleza uani akiwa na beseni la mchele. Nilisikia beseni kabla sijamsikia yeye. Nyonga ya kulia ikavunjika. Tulimpeleka Dar es Salaam, wakampiga picha, wakaupima moyo wake, wakatueleza kwa upole kwamba moyo ule hautahimili upasuaji. Tukarudishwa nyumbani na mto wa kuweka katikati ya miguu, na vidonge vikali vya maumivu, na maelekezo ya kumgeuza ili asipate vidonda. Nilimgeuza kwa saa. Hana hata kidonda kimoja, nilijisifu kwa kaka yangu kwenye simu. Nilidhani hiyo ndiyo kazi yote.

Kitu ambacho sikukifanya ni kuuliza. Nilimletea lile beseni bapa la kujisaidia kitandani, nikageuza uso, nikaondoka chumbani ili asitahayari. Nikirudi, lina mkojo kidogo. Nikamwaga, nikasuuza, basi. Yeye naye, kumbe, alikuwa anapunguza maji kwa makusudi. Nikimpa kikombe anakunywa mafunda mawili anasema tosha, kwa sababu kila funda lilikuwa kazi nyingine kwangu. Kwa hiyo maji hakunywa, mwili hauendi, na vile vidonge vya maumivu vinalaza utumbo. Mwanamke aliyenihoji choo changu mlangoni kwa miaka kumi, mimi nikaona haya kumwuliza chake.

Wiki ya tatu nikakuta shuka imelowa. Maji, rangi ya chai iliyokaa, na harufu iliyonirudisha nyuma hatua mbili. Yeye hakujua. Aliponiona natazama shuka alitazama pale ninapotazama, na uso wake ukabadilika kwa namna ambayo sitaisahau. Nilimsafisha, nikambadilisha, na kabla sijamaliza kufua, yamekuja tena. Kidogo tu, kama kijiko, kama vijiko viwili. Siku ile yalikuja mara saba. Nikachana khanga kuukuu zote nilizokuwa nazo, nikazikunja mabinda, nikampangia chini yake.

Anaharisha, nikasema. Nani asingesema? Kama kinatoka ni maji, kinatoka mara saba, na mwenyewe hawezi kukizuia, utakiita nini? Nikaenda duka la dawa, nikasema nina mgonjwa anaharisha, nikapewa vidonge vya kuzuia. Wao watajuaje, mgonjwa hawajamwona, neno wamelipata kwangu. Nikachemsha maganda ya komamanga, kama anavyochemsha kila mtu mwenye mgonjwa wa kuhara. Nikamkataza papai, nikamkataza mchicha, nikamkataza maembe. Nikampa wali mkavu na ndizi mbichi za kuchemsha. Kaka yangu akatuma makomamanga mengine kutoka Msata, mfuko mzima, nikamshukuru. Kila kitu kinachofunga tumbo kilichopo mwambao huu, alipewa.

Na maji hayakukoma. Yalipungua siku mbili, yakarudi mabaya zaidi. Nikaongeza vidonge.

Siku ya tano au ya sita hivi, nimemaliza kumfuta, akanishika mkono. Sauti yake ilikuwa imedhoofu lakini maneno yalitoka yote.

"Nichemshie sanamaki."

Nilicheka. Nasema ukweli, nilicheka, halafu nikaenda uani nikalia. Mtu anahara siku ya sita na anataka dawa ya kuharisha. Nikampigia kaka yangu, nikamwambia akili imeanza kumhama mama mkubwa, amerudi kule kwenye likizo zetu, anatupanga mstari. Kaka yangu akasema nisimkatalie kwa ukali. Nikamkatalia kwa upole. Nilimwambia, sawa mama, kesho. Kesho yake aliniomba tena, nikamwambia tena kesho. Siku ya tatu hakuomba.

Kuanzia hapo alianza kwenda. Chakula alikisukuma kwa ulimi. Tumbo lake lilikuwa limejaa, nami nikadhani ni gesi ya wali. Mchana alisinzia, akiamka anachanganya siku, ananiita jina la mama yangu. Akatapika kidogo asubuhi moja. Majirani wanaokuja kumjulia hali walisimama karibu na mlango, na mimi nilijua kwa nini, nikafukiza udi, nikawachukia wote. Yeye mwenyewe akaanza kuomba radhi. Kila anayeingia, anaombwa amsamehe. Jioni moja, jua bado lipo ukutani, aliniambia hataki kwenda hivi. Hakueleza hivi ni vipi. Hakuhitaji. Mabinda yalikuwa kwenye kamba uani, mstari mzima, na dirisha lake linatazama kamba.

Sasa, alikuwepo mwanamke mmoja wa Kaole, bibi mfupi, mkavu, anayeosha maiti za wanawake. Kabila lake na letu ni watani, na yeye na mama mkubwa walitaniana miaka hamsini. Akipita kununua mkate anauliza kama mwenye mkate bado yu hai, kwa sababu ana kazi nyingine mchana na hapendi kuharakishwa. Mama mkubwa anamjibu kwamba atamzika yeye kwanza, na atamkafini kwa magunia. Tulizoea. Lakini mtani wa barazani ni jambo moja, na muosha anayebisha hodi wakati mgonjwa kazidiwa ni jambo jingine kabisa. Nilipomwona mlangoni roho yangu ilipaa.

Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akavua viatu, akapita moja kwa moja. Hakusimama mlangoni kama wengine. Alikaa kitandani, akamtazama mtani wake, akamwambia amekuja kupima sanda maana anasikia mtu amekonda, asije akakata kitambaa bure. Mama mkubwa akatabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi, na mimi nilikasirika kwamba tabasamu lile limekwenda kwa huyu.

Kisha akauliza anaumwa nini. Nikasema kuhara, siku ya kumi na tano sasa. Akauliza ana homa? Hana. Akatazama dirishani kwenye ile kamba, akatazama ndoo ya mabinda ambayo sijaifua. Akainuka, akalikunjua moja kwa vidole vyake, akaliangalia sawasawa kama anavyoangalia mtu nguo anayotaka kuinunua. Akarudi, akaomba ruhusa kwa mwenyewe, akaweka kiganja juu ya tumbo, kushoto, chini, akabonyeza taratibu. Akahama kidogo, akabonyeza tena. Mama mkubwa akakunja uso.

Muosha akasema huyu haharishi. Amefunga choo.

Nilimwambia aangalie tena ile ndoo. Akasema ameiangalia, imejaa maji matupu, hakuna hata chembe ya choo cha mtu. Choo chenyewe kiko wapi? Kiko hapa, akapiga pale juu ya kiganja chake, kimekaa kigumu, na hayo maji yanapenya pembeni. Nikamwuliza amesomea wapi. Niliuliza kwa ule mdomo wangu ambao mama mkubwa aliutilia sanamaki miaka yote bila kuuponya. Hapo ndipo akanieleza, bila kukasirika.

Kwenye kuosha, alisema, kuna mahali unamwinua maiti kidogo, unapitisha mkono tumboni, unakamua polepole kuelekea chini, ili kilichobaki kitoke kabla ya kumsafisha. Mikono yake imepita juu ya matumbo mengi. Na wako wagonjwa wa kitandani, wazee, watu wa nyonga na watu wa kiharusi, ambao jamaa zao humwambia mlangoni, alihara, bibi, alihara mpaka akaisha. Anaingia, anakamua, anakuta mawe. Tumbo limejaa mpaka juu, magumu, hayatoki. Miaka mingi amewaosha watu wa namna hiyo na kila mara amefunga mdomo, kwa sababu muosha hasemi alichokiona kwa maiti. Ni aibu yake, Mungu kaisitiri, na wewe unaisitiri.

Nikasema kama alijua miaka yote hiyo na kunyamaza, ana haki gani ya kuja kusema leo kwangu. Ndipo aliponitazama.

"Siri ya maiti nitakwenda nayo kaburini," alisema. "Huyu si maiti."

Naona aibu kuandika nilichomjibu. Nilimwambia amekuja kutafuta kazi kabla ya wakati. Akavaa viatu vyake, akamuaga mtani wake, akaondoka zake.

Nilibaki nimesimama katikati ya chumba, hasira zimenipanda, na ndani ya hasira kuna kitu kinanichoma. Nikakaa pale alipokuwa amekaa. Nikaweka mkono wangu pale alipoweka wake. Chini ya ngozi ile laini ya kizee kulikuwa na vitu, vimepangana, kama viazi ndani ya mfuko. Nikamwuliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza tangu siku ya kwanza. Nilimwuliza mara ya mwisho kupata choo, choo hasa, ilikuwa lini.

Alifumbua macho. "Kabla sijaanguka," akasema. Akapumzika. "Niliwaambieni sanamaki."

Ilikuwa inakaribia mwezi na nusu. Akili yake ilikuwa mahali pake siku ile aliyoomba. Katika nyumba nzima, mwenye kuujua ugonjwa alikuwa mgonjwa, na mimi nikamcheka.

Nilikwenda zahanati nikiwa na khanga ya ndani, ushungi umekaa upande. Muuguzi aliyekuwepo alikuwa mwanamke wa makamo, mzito wa mwili, mwepesi wa mikono. Nilipomweleza tu nyonga, kitanda, vidonge vya maumivu, maji yasiyokoma, aliacha kuandika. Akauliza maswali yale yale ya mlango wa choo. Kigumu au laini? Kingi au kidogo? Nikataka kucheka na kulia kwa pamoja. Mchana ule ule akaja nyumbani.

Alimsalimia kwa adabu zote, akamweleza anachotaka kufanya na kwa nini, akangoja mpaka mama mkubwa aseme ndiyo. Alimlaza ubavu wa kushoto, tukauegemeza mguu ule mbovu juu ya mito, akavaa glovu, akapaka mafuta ya kuteleza, akampima kwa kidole. Haikuchukua muda. Akanitazama, akaitikia kwa kichwa. Kizibo, alisema, kimejaa mlangoni pote, na kilicho nyuma yake kinaoza na kuyeyuka kidogo kidogo na kuchuruzika pembeni, na misuli imechoka kwa kutanuliwa, ndiyo maana hawezi kuzuia wala hajui kinapotoka. Dawa zote nilizompa za kuzuia zilikuwa zinakaza kizibo. Alisema bila kunilaumu, na hilo liliniuma kuliko lawama.

Nikamwuliza nichemshe sanamaki sasa hivi? Nilikuwa tayari kuchemsha debe. Akanikataza. Ukisukuma kutoka juu na chini kumezibwa, alisema, utampa msokoto wa tumbo na maumivu bure. Kwanza tunafungua chini. Na akaniambia kama atatapika tena, au tumbo likaze, au nione damu, nisingoje mtu, niende hospitali hapo hapo. Alishampigia daktari kabla ya kuja, wakakubaliana.

Alimtia mafuta ya uvuguvugu kwa mpira, taratibu, yakakaa ndani kulainisha. Baada ya saa kadhaa akarudi na dawa ya ganzi ya kupaka, akaanza kazi yenyewe kwa kidole, kipande kwa kipande. Mimi nilikuwa nimeshika kifundo cha mkono cha mama mkubwa, nimeambiwa nihesabu mapigo na niseme kama yanapungua, kwa sababu kazi ile inaweza kuushtua moyo, na moyo wake ulikuwa wa kubembelezwa. Mara mbili nilisema, akasimama, tukangoja. Hakutaka kumaliza siku moja. Alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Vilivyotoka sitavieleza, ila vya mwanzo vilipoanguka kwenye beseni vililia.

Mama mkubwa alikuwa amefumba macho muda wote. Nilidhani ni aibu. Kumbe siku ile ya kwanza, muuguzi aliposema kwa leo basi, akafumbua, akavuta pumzi mpaka chini, pumzi ambayo sikuwa nimeiona kifuani mwake kwa wiki nzima, akauliza kwa ile sauti yake ya kigoda cha mlangoni.

"Rangi gani?"

Muuguzi akamjibu kama mtoto wa likizo. Mimi nikatoka nje.

Yale maji yalikoma. Si siku ile, siku ya nne. Nilitandika binda asubuhi, jioni nikalitoa kavu, nikaenda nalo uani nikalishika hivi, kavu, nikashindwa hata kulikunja. Kichwa chake kikatulia, siku zikarudi katika majina yao, akaacha kuniita kwa jina la mama yangu. Daktari akabadilisha vidonge vya maumivu. Tukapewa dawa tamu ya maji ya kulainisha, na baadaye kabisa, njia ilipokuwa wazi, muuguzi akaruhusu na sanamaki, kidogo, kwa kipimo. Nilimchemshia kwa tangawizi na sukari guru. Nyumba nzima ikanuka likizo.

Maji alikunywa sasa kwa amri, na mwenye kutoa amri ni mimi. Papai likarudi kila siku. Nilimpelekea fundi seremala kiti kuukuu akakitoboa katikati, na mifupa iliposhikana kiasi, kila asubuhi baada ya chai, wakati tumbo la mtu linapoamka, mimi na jirani tulimkalisha, miguu juu ya kile kigoda chake. Ndiyo, kile kile. Nami nilikaa mlangoni. Nilimhoji kwa sauti ya kufika nyumba ya tatu, naye ananijibu kwa matusi, na ikawa ndiyo saa yetu nzuri kuliko zote. Nilikuwa nimepewa likizo nyingine uzeeni.

Kaole nilikwenda mwenyewe kuomba radhi. Nilichukua mkate wa ufuta niliouoka mimi, na ulikuwa umeungua upande mmoja. Bibi muosha akautazama, akasema kweli mwenye mkate bado yu hai, maana huu si wake. Hayo ndiyo yalikuwa yote kuhusu radhi.

Tangu hapo alikuja kila Alhamisi. Walikaa wawili chumbani, watani, wakisengenya dunia nzima. Alhamisi moja nilikuwa nimekaa na sindano yangu, mama mkubwa akamwambia, siku yako utakaponikamua, mtani, hutapata kitu, utakwenda kwenu mikono mitupu. Muosha akamjibu kwamba hata akikuta kitu hatasema, kazi yake hairuhusu. Mama mkubwa akasema yeye anairuhusu. Akanielekeza kidole na mimi niwe shahidi.

"Ukikuta, nyamaza," alisema. "Usipokuta, uwaambie watu."

Aliishi mwaka mmoja na miezi minne baada ya hapo. Moyo ulichoka, kama walivyotuambia Dar es Salaam. Alikunywa chai yake asubuhi, alikaa kwenye kiti chake, alinitukana, nikamrudisha kitandani, na kabla ya adhuhuri alikuwa amekwenda.

Muosha alikuja kutoka Kaole, akavua viatu, safari hii bila utani. Aliniuliza kama nitaweza kuingia. Nikaingia. Tulimfunika inavyopasa, tukamwinua kidogo, mgongo wake juu ya mkono wangu wa kushoto, mwepesi. Bibi alipofika mahali pa kukamua alisita. Akanishika mkono wangu wa kulia, akaupitisha chini ya kitambaa, akauweka tumboni, kushoto, chini, pale pale, na mkono wake juu ya wangu. Tukapitisha polepole.

 Yeye tangu siku ile hajasema kwa mtu, kwa sababu kazi ni kazi, hata ukiruhusiwa. Kwa hiyo nasema mimi, niliyewekwa shahidi. Tumbo lilikuwa laini. Hakukuwa na kitu. Mama mkubwa aliondoka msafi.